Je, wajua? Umati wa uwanjani huhesabiwa kwa hatua na chaki

*Mkutano ukiisha, huyu anasema watu walikuwa elfu hamsini, yule anasema elfu tano. Mtu hujuaje idadi bila kuhesabu mmoja mmoja?*

Anaanza na ardhi waliyoikanyaga. Pima eneo, kadiria ni watu wangapi wamesimama katika mita moja ya mraba, kisha zidisha. Kuzidisha ni kazi ya mtoto wa shule ya msingi. Kazi iko kwenye ile namba ya katikati, kwa sababu watu hawajipangi uwanjani kama mahindi shambani. Mbele wamebanana, katikati wamepumua, nyuma kuna mtu na mkewe wanakula muwa.

Aliyeipa njia hii umaarufu ni Herbert Jacobs, mwandishi wa habari aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Miaka ya 1960 wanafunzi walikuwa wakikusanyika chini ya dirisha la ofisi yake kupinga vita vya Vietnam. Bahati yake ni kwamba uwanja ule ulikuwa wa saruji iliyogawanywa kwa mistari kuwa miraba mikubwa. Akahesabu waliosimama katika miraba michache, akatafuta wastani, akazidisha kwa idadi ya miraba iliyojaa. Alichogundua, tukikigeuza kuwa vipimo vyetu, ni hiki: umati uliotulia bila kubanana una mtu mmoja hivi kwa mita ya mraba, uliosongamana una wawili na nusu hivi, na uliobanana kabisa una wanne na kitu.

Namba hizo ukizisoma tu hazikai kichwani. Mimi zilinikaa siku niliyochora mraba wa mita moja kwa chaki kwenye sakafu ya ua, nyumbani Manyatta hapa Kisumu, nikawaita vijana wa bodaboda wa pale kwenye kona waingie mmoja mmoja. Wa kwanza alisimama kama mwenye shamba. Walipokuwa wawili waliendelea na gumzo lao la mpira bila kusumbuana, na sakafu ilionekana wazi katikati yao. Wanne waligusana mabega, na aliyetaka kugeuka ilibidi aombe nafasi. Tulipofika sita, mmoja alilia kwamba simu yake inaita na hawezi kuingiza mkono mfukoni. Wa saba tulimsukuma kwa nguvu akaingia nusu, kisigino kikabaki nje ya chaki, na kicheko kikaisha kabla hata sijamaliza kupiga picha.

Huyo wa saba mkumbuke, tutamrudia.

Sasa kisa chenyewe. Nje kidogo ya mji, kwenye barabara ya kwenda Busia, kulikuwa na mkutano wa hadhara katika uwanja wa mpira. Mfawidhi alishika kipaza sauti akatangaza kwamba mbele yake wamesimama watu elfu hamsini. Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumefika mapema kupima, yeye akiona aibu kidogo kutembea na mjomba anayehesabu hatua kwa sauti.

Kupima hatua hakuhitaji kifaa. Nyumbani nilikuwa nimetandika tepu ya fundi mita 20 na kuitembea mwendo wangu wa kawaida: hatua 28. Kwa hiyo hatua yangu moja ni sentimita 71 hivi. Uwanja ulichukua hatua 140 kwa urefu na 91 kwa upana, yaani mita 100 kwa 65. Jumla ni mita za mraba 6,500. Ukiwa mjini penye kabro hata hatua huhitaji: zile za mstatili za kawaida huwa sentimita 20 kwa 10, hivyo 50 zinajaza mita moja ya mraba, na unaweza kufanya kama Jacobs bila kutoka ulipokaa.

Kosa la kwanza hutokea hapa hapa. Mtu huchukua zile 6,500 zote na kuzizidisha, ilhali uwanja haukujazwa na watu peke yao. Jukwaa na nafasi iliyozungushiwa kamba mbele yake vilikula mita za mraba 300. Mahema mawili ya wageni yalichukua 200, na humo hakuna haja ya kukadiria, kwani viti vinahesabika: mia moja kila hema. Upande mmoja, kama mita 25 kwa 40, ulikuwa wa magari, bodaboda na wauza muwa, hiyo ikawa 1,000. Tukabaki na 5,000 za watu kusimama.

Hizo nazo tulizigawa sehemu. Mbele ya kamba, kipande cha mita 40 kwa 15 kilikuwa kimebanana kweli kweli, wanne kwa mita. Hiyo ni mita 600 mara nne, watu 2,400. Nyuma yao kulikuwa na mita 1,400 za watu wawili wawili, 2,800. Kisha mita 2,000 za watu waliotawanyika kwa vikundi, nusu mtu kwa mita ukipenda kusema hivyo, 1,000. Mita 1,000 zilizosalia zilikuwa tupu kabisa. Jua la saa tisa huku kwetu si la mchezo, na katikati ya nyasi hapakuwa na kivuli, kwa hiyo watu walikimbilia miembe ya pembeni. Ukijumlisha na wale 200 wa viti unapata 6,400.

Tulijuaje hapa ni wanne na pale ni wawili? Tulimtazama muuza njugu. Alipopita na beseni lake bila kusimama, akiyumba huku na huku, watu hawakuzidi wawili kwa mita. Alipoanza kusema "samahani, samahani" na kupita kwa ubavu, walikuwa watatu. Alipofika mahali akasita, akageuka, akaamua kuzunguka, hapo tulijua ni wanne au zaidi. Kipimo kingine ni ardhi: ukiwa juu ya kitu kirefu na bado unaziona nyasi kati ya watu, usiandike zaidi ya wawili.

Lakini wanne wetu wangeweza kuwa watatu na nusu, au wanne na nusu. Kwa hiyo tulirudia hesabu mara mbili, mara ya kwanza kwa ubahili na ya pili kwa ukarimu. Kwa ubahili (3.5 mbele, 1.5 katikati, 0.3 nyuma) tulipata 5,000. Kwa ukarimu (4.5, 2.5 na 0.7) tulipata 7,800. Jibu la haki basi ni "kati ya elfu tano na karibu elfu nane, yumkini elfu sita na kitu". Anayekuambia walikuwa 6,417 amekudanganya kwa adabu.

Pengo hilo si dalili ya uzembe. Mwaka 1995, baada ya maandamano ya wanaume Weusi kule Washington, idara ya mbuga za taifa ilikadiria watu 400,000, na waandalizi wakakasirika wakitishia kwenda mahakamani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston wakiongozwa na Farouk El-Baz walizipitia picha zilizopigwa kutoka angani, wakafikia 837,000, na wao wenyewe wakasema wanaweza kukosea kwa asilimia 20 juu au chini. Baada ya mzozo ule, idara iliacha kutangaza idadi.

Tumrudie mtu wa saba wa kwenye chaki. Tuseme mfawidhi alikuwa sahihi. Gawanya watu 50,000 kwa zile mita 5,000 zilizobaki: kumi kwa kila mita ya mraba, kuanzia kambani hadi goli la nyuma. Sisi saba ilitushinda kwenye ua wa saruji bila jua wala vumbi. Hata ukiondoa jukwaa, mahema na pikipiki zote, ukajaza 6,500 kamili, unapata watu 7.7 kwa mita. John Fruin, mhandisi Mmarekani aliyechunguza mikanyagano, aliandika kwamba karibu na watu saba kwa mita ya mraba umati huanza kusogea kama maji: mtu hubebwa na wimbi bila kuchagua aende wapi. Umati wa aina hiyo ungetoa majeruhi, na muuza njugu asingefika popote. Ile siku watoto walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi nyuma ya goli.

Ndiyo maana siku hizi tangazo lolote la idadi nalijaribu kwa mgawanyo huo tu. Uwanja wa mpira wa vipimo vya mashindano makubwa, mita 105 kwa 68, una mita za mraba 7,140. Ukiujaza wanne wanne bila kuacha hata njia ya kutokea, wanaingia 28,560. Ukisikia laki moja wamesimama kwenye nyasi za uwanja mmoja, kila mita ina watu 14.

Mfawidhi lakini simlaumu sana. Alikuwa juu ya jukwaa, macho yake mita tatu kutoka chini, na kutoka pale vichwa vya mbele hufunika mapengo yote ya nyuma. Kamera ya chini hudanganya vivyo hivyo. Picha iliyopigwa jukwaani siku ile ilionyesha bahari ya watu. Kijana mmoja aliyerusha droni alipata picha nyingine, na humo ile mita 1,000 ya nyasi tupu ilionekana kama kipara. Ukitaka kukadiria kwa picha, tafuta iliyopigwa kutoka juu kabisa, au hata ya ghorofani, na uiangalie saa iliyopigwa.

Saa ni muhimu kwa sababu hesabu hii hukupa waliokuwepo kwa wakati mmoja tu, haikupi wote waliopita pale mchana kutwa. Yetu ilikuwa ya saa tisa na nusu. Kina mama wa sokoni waliokuja asubuhi wakaondoka kufungua vibanda hawamo, na waliofika baadaye kwa matatu kutoka Maseno hawamo pia. Kwa maandamano yanayotembea barabarani njia hii haifai. Huko unasimama mahali pamoja na kuhesabu wanaokupita kwa dakika.

Saa kumi na robo wingu jeusi lilitokea upande wa ziwa. Mpwa wangu, ambaye kufikia hapo aibu ilikuwa imemwisha, alitembea tena kutoka kambani hadi goli la nyuma akihesabu, kisha akarudi akikimbia huku matone ya kwanza yakidondoka. Kipande cha wanne wanne kilikuwa kimebaki hatua kumi kwa nane. Mahema mawili ya watu mia mia, kwa upande wake, sasa yalikuwa na watu watano kwa mita.