Wafoinike hawakuvumbua uandishi: ufafanuzi kwa wageni wa chumba cha maandishi ya kale

Tangu tulipobadilisha vibao vya maelezo katika chumba cha maandishi ya kale, dawati letu la wageni limepokea malalamiko mengi. Kibao cha zamani kilisema Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni ya leo, "walivumbua" alfabeti, na kipya kinasema "waliieneza". Walimu kadhaa wametuandikia wakidai tumepunguza sifa ya watu hao. Hatukupunguza kitu. Tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo, kwa kuwa tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo kiini cha habari yenyewe.

Wamisri na watu wa Mesopotamia walikuwa wakiandika miaka zaidi ya elfu moja kabla bandari za Tiro, Sidoni na Bibli hazijapata nguvu. Hata wazo la kutumia alama moja kwa sauti moja ya konsonanti lilikuwapo tayari. Kuna michoro ya namna hiyo kwenye machimbo ya feruzi huko Sinai, ya karne nyingi kabla ya Wafoinike tunaowazungumzia. Walichofanya Wafoinike ni kuufikisha mfumo huo kwenye herufi 22, zilizoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, bila irabu, kisha wakasafiri nao kila walikotia nanga.

Herufi hizo msomaji anazo mkononi. Aliyesoma chuo cha Kurani na kufundishwa abjadi anakumbuka: abjad, hawwaz, hutti, kalaman, safas, qarashat. Zihesabu herufi za maneno hayo sita kwa Kiarabu, utapata 22, na mpangilio wake ni ule ule wa Kifoinike. Herufi sita za mwisho, za thakhadh na dhadhagh, Waarabu waliziongeza baadaye kwa sauti ambazo hazikuwa na alama. Sasa chukua alfabeti ya Kilatini tunayoandikia Kiswahili leo na utazame katikati yake: K, L, M, N. Hiyo ndiyo kalaman. Mbele kidogo kuna Q, R, S, T, nayo ni qarashat. Njia mbili zilizoachana, moja kupitia Waaramu hadi Waarabu, nyingine kupitia Wagiriki hadi Warumi, zimehifadhi foleni ile ile kwa karibu miaka elfu tatu.

Umbo nalo linasema. Herufi ya kwanza iliitwa alp, yaani ng'ombe, na ilitokana na kichwa chenye pembe. Geuza A juu chini, pembe utaziona. Ya pili ni bet, nyumba, ambayo kwa Kiarabu ni bayt. Mem ni maji, na M bado ina mawimbi. Ayn ni jicho, ikawa O. Kila herufi ilibeba sauti ya kwanza ya jina lake, kwa hiyo aliyeyajua majina alikuwa amekwisha kuzijua sauti.

Tunaulizwa tunajuaje kwamba ni Wagiriki waliojifunza kwa Wafoinike, na si kinyume chake. Alfa na beta hayana maana yoyote katika Kigiriki, ila katika Kifoinike ni ng'ombe na nyumba. Mwazimaji huchukua jina bila maana yake. Pia maandishi ya mwanzo ya Kigiriki, kama yale ya jagi lililopatikana Athene la karibu mwaka 740 KK, yanakwenda kulia kushoto. Wagiriki walikuta herufi za sauti ambazo lugha yao haikuzihitaji, kama alp, he na ayn, wakazigeuza kuwa irabu a, e na o. Hapo ndipo irabu zilipopata alama zake kamili. Kifoinike chenyewe kiliendelea kuandika mlk kwa "mfalme" na kumwachia msomaji ajaze.

Kwa nini herufi zilifuata meli? Kwa sababu mfanyabiashara anahitaji daftari. Katika simulizi ya Kimisri ya mjumbe Wenamun, ya karne ya 11 KK, mtawala wa Bibli anaombwa mbao za mierezi bure. Anaagiza daftari za baba zake ziletwe na kusomwa, aonyeshe kwamba Misri ilikuwa ikilipa. Malipo yanayoletwa mwishoni yana mafunjo 500 ya kuandikia. Daftari za aina hiyo zimeoza kwa unyevu wa pwani. Kilichobaki ni mawe, vyungu na mabamba ya metali, na ndiyo maana maonyesho yetu yamejaa maandishi ya makaburi na mahekalu.

Makoloni nayo yanaeleweka vibaya. Hakukuwa na dola ya Foinike. Kila mji ulikuwa na mfalme wake, na Tiro ndio uliotuma watu mbali zaidi. Walipenda kisiwa kidogo karibu na bara au rasi iliyo rahisi kulindwa, kama Tiro wenyewe ulivyokuwa: Motya kando ya Sisilia, Gadiri (leo Cadiz) karibu na madini ya fedha ya kusini mwa Hispania, Mogador kwenye pwani ya Moroko. Karthago, mji wa pwani ya Tunisia ya leo ambao mapokeo yanasema ulianzishwa mwaka 814 KK, jina lake ni Qart Hadasht, "mji mpya". Hadasht ni ndugu wa neno la Kiarabu hadith, lenye maana ya jipya na pia ya simulizi.

Jiwe moja la Karthago linastahili kusomwa polepole. Lilipatikana Marseille katika miaka ya 1840, nalo ni orodha ya ada za hekalu la mungu Baal Safoni. Linaanza kwa kutaja majaji waliokuwa madarakani, kisha linapanga ada kwa mnyama: kwa ng'ombe dume makuhani wapate shekeli kumi za fedha, kwa ndama tano, kwa kondoo dume au mbuzi moja na nyongeza ndogo. Kwa aina fulani ya sadaka kuhani anapata pia nyama, na kiasi chake kimeandikwa. Maskini wa mifugo au wa ndege hatozwi kitu. Kuhani atakayetoza kinyume cha kilichoandikwa atapigwa faini. Tangazo la namna hii lina maana pale tu mleta mbuzi, au mtu aliye naye, anapoweza kulisoma na kumwonyesha kuhani mstari.

Sasa suala linalotuchosha. Baadhi ya wageni husisitiza kwamba Wafoinike walijenga Zimbabwe Kuu, mji wa kale wa kuta za mawe kusini mwa Afrika. Dai hilo lilivumishwa na wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 walioshindwa kukubali kwamba Waafrika walijenga kuta zile. Uchimbaji wa mwaka 1905 na wa 1929 ulionyesha kazi ya wenyeji. Hakuna herufi hata moja ya Kifoinike iliyopatikana humo. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodoto anasimulia kwamba Farao Neko alituma Wafoinike kuizunguka Afrika, na kwamba jua lilikuwa upande wao wa kulia walipokuwa wakielekea magharibi. Hata ikiwa walipita, hawakuacha mji wala maandishi kwenye pwani yetu.

Anayeamini ameona jiwe lenye maandishi asilisugue, asilipake chaki wala unga ili herufi zionekane. Alipige picha asubuhi au jioni, mwanga ukitoka ubavuni, akiweka rula pembeni. Aandike mahali lilipo, aliache hapo hapo, kisha atoe taarifa kwa mamlaka ya mambo ya kale. Jiwe likishahamishwa, tabaka la udongo lililoliweka kwenye umri wake limepotea. Kuuza mali kale au kuisafirisha nje bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, na nia njema ya aliyelichukua haiondoi kosa.