Vimulimuli vya ghafla na vidoa vipya machoni: kwa nini tunakuambia uje leo leo

Malalamiko yanayotufikia kliniki ya macho siku hizi yanapingana. Wapo wanaouliza kwa nini waliitwa siku ileile ilhali jicho linaona vizuri, wakakalishwa saa mbili wakitiwa matone, mwisho wakaambiwa hakuna kilichochanika. Na wapo waliongoja wiki nzima, wakaja kivuli kikiwa kimeshafunika nusu ya jicho. Sisi tungependa kulaumiwa na kundi la kwanza.

Nyuma ya lenzi jicho limejaa ute mzito. Kadiri umri unavyosonga, hasa baada ya miaka 50, ute huo husinyaa na kujibandua kwenye retina, utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mahali uliposhikilia sana, huivuta. Retina haina neva za maumivu. Ikivutwa, ubongo hupokea mvuto huo kama mwanga. Ndiyo maana mtu huona mmweko uliopinda pembeni, mara nyingi upande wa sikio, na zaidi gizani au anapogeuza macho. Kwa hiyo anayesema "nitakuja likianza kuuma" atangoja sana.

Uzi mmoja au kijipete kinachoelea kwa kawaida ni kivuli cha ute wenyewe. Vidoa vidogo vyeusi vinavyomwagika kwa wingi ghafla ni jambo jingine: huenda ni damu au chembe za rangi zilizotoka kwenye mchaniko. Kati ya watu 10 wanaopatwa na dalili hizi ghafla, mmoja au wawili hukutwa retina imechanika. Hakuna awezaye kujua ni yupi bila kutazama ndani, hata daktari bingwa akiulizwa kwa simu.

Chukua mtu wa miaka 57, mwenye miwani ya nambari kubwa ya kuonea mbali. Jumatatu usiku anaona mimweko jicho la kulia. Jumanne asubuhi vidoa vimejaa. Akija Jumanne, anasoma herufi hadi mstari wa chini kabisa, na hilo halitutulizi hata kidogo. Anatiwa matone ya kupanua mboni, anangoja kama nusu saa, kisha daktari aliyevaa taa kichwani anamlaza na kubonyeza polepole juu ya kope kwa kijiti, ili kingo za retina zionekane. Juu, upande wa sikio, kuna mchaniko wenye umbo la kwato. Unazungushiwa safu tatu za alama za leza, naye anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kovu la kuushikilia hukomaa baada ya siku 10 hadi 14, na vidoa vitaendelea kuelea. Leza haikukusudiwa kuviondoa.

Mtu huyohuyo akingoja hadi Ijumaa, majimaji yanaweza kuwa yameshapenya kwenye mchaniko na kuibandua retina kwa nyuma, kama karatasi ya ukutani iliyoingiwa na maji. Kwa kuwa picha huangukia retina ikiwa imepinduka, mchaniko wa juu upande wa sikio huleta kivuli kinachoanzia chini upande wa pua. Kitovu cha retina, tunachosomea na kutambulia sura, kikiwa bado kimeshika, upasuaji ni wa haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kikishabanduka, retina hurudishwa mahali pake, lakini uoni mkali mara nyingi haurudi wote. Akiwekewa gesi ndani ya jicho wakati wa upasuaji ili kuishikilia retina, hatapanda ndege mpaka iishe, na hiyo huchukua wiki kadhaa.

Matone ya kununua dukani hayafiki kwenye retina. Kupima presha ni vizuri, lakini si uchunguzi wa jicho. Kipandauso nacho huleta mwanga, ila huwa wa mistari ya msumenomsumeno, unatanuka na kuisha ndani ya dakika 20 hadi 30, na huonekana kwa macho yote mawili. Funika jicho moja moja uhakikishe. Ukiwa na shaka, njoo.

Mapokezi usiseme "macho yananisumbua", maana utapelekwa foleni ya miwani. Sema: vimulimuli vya ghafla na vidoa vipya, jicho gani, tangu lini, na kama kuna kivuli. Taja pia kama una nambari kubwa ya miwani, ulifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, uligongwa jicho, au ndugu yako wa damu aliwahi kubanduka retina. Usiendeshe gari: ukungu wa matone hudumu saa 4 hadi 6, wakati mwingine zaidi. Kliniki ikiwa imefungwa, nenda idara ya dharura.

Ukiambiwa hakuna mchaniko, bado utapewa tarehe ya kurudi baada ya wiki 4 hadi 6, kwa sababu ute huenda haujamaliza kujibandua. Vidoa vikimwagika upya au kivuli kikitokea kabla ya hapo, tarehe hiyo haina kazi tena; rudi siku hiyohiyo.