Salfaiti kwenye waini: kabla hujailaumu kwa kichwa kuuma, njoo tupige hesabu

Shemeji yangu kila tukikutana kwenye shughuli ananishika mkono, "Shem, ile waini yenu nyekundu mnaitia nini, glasi mbili tu kesho yake kichwa kinanitwanga kama kinu." Halafu anajijibu mwenyewe: "Ni zile salfaiti, nimeona kwenye chupa." Mi nafanya kazi ya kupika waini hapa Dodoma, hiyo salfaiti naipima na kuitia kwa mikono yangu, kwa hiyo leo ngoja nimjibu shem hadharani.

Salfaiti ni familia ya kemikali zinazotokana na gesi ya salfa, SO2, ile inayokuwasha pua ukiwasha njiti ya kiberiti. Ikiwa ndani ya waini inafanya kazi kubwa mbili. Inazuia hewa isiiharibu waini, na inawatuliza bakteria na hamira pori wasianze sherehe yao ndani ya chupa. Na hamira yenyewe wakati inachachua juisi inatengeneza salfaiti kidogo, mara nyingi miligramu 10 hadi 20 kwa lita, so waini isiyo na salfaiti kabisa ni ngumu kuipata hata kama mpishi hajagusa kitu. Ndo maana sheria za Ulaya na Marekani zinadai maneno "ina salfaiti" kwenye lebo kuanzia miligramu 10 kwa lita. Yale maneno hayajawekwa kwa ajili ya wenye vichwa vinavyouma, yamewekwa kwa ajili ya wenye pumu, nitafika huko.

Sasa kiasi. Tuseme nina tenki la lita 1000 la waini nyeupe, mita ya pH inasoma 3.4. Nikipima naona salfaiti huru ni miligramu 12 kwa lita. Nasema "huru" manake nyingine inakuwa imeshashikwa na sukari na vitu vingine ndani ya waini, na iliyoshikwa hailindi chochote cha maana. Kwa pH hiyo nahitaji huru kama 32, yani nimepungukiwa 20. Ila najua nikitia 20 kamili sehemu yake itashikwa tena, kwa hiyo natia 30, ambayo kwa tenki zima ni gramu 30 za SO2. Mi natumia unga mweupe unaoitwa metabaisalfaiti ya potasiamu, ukisoma lebo za vyakula ni ile E224, na zaidi kidogo ya nusu ya uzito wake ndo SO2, so napima gramu 52, nakoroga kwenye maji, namimina, nachanganya tenki vizuri, nasubiri siku mbili tatu napima tena. Gramu 52 ni kama vijiko vitatu vya chakula. Kwa lita elfu moja!

Kinachotusumbua sisi wa huku ni jua. Zabibu zikiiva kwenye joto asidi inashuka na pH inapanda, na pH ikipanda salfaiti inakuwa mvivu. Waini ileile ikiwa na pH 3.7 badala ya 3.4 inataka karibu mara mbili, kama 63 huru, ili ipate ulinzi uleule. Ndo maana mi napenda kuvuna mapema kidogo au kurekebisha asidi kwanza kwa asidi ya tatariki, kuliko kumwaga unga tu.

Na ukiibania? Nilishajaribu. Mteja mmoja alitaka waini tamu "isiyo na kemikali", nikamsikiliza, nikaijaza kwenye chupa ikiwa na sukari yake na salfaiti kidogo sana, na wala sikuichuja vya kutosha kuondoa hamira. Wiki ya tatu stoo ikaanza kupiga baruti. Hamira iliyobaki ilikuta sukari, hakuna wa kuizuia, gesi ikajaa, vizibo vikaruka. Chupa zilizopona ukifungua zina mapovu, rangi imeshaanza kuelekea kahawia na harufu ni ya tufaha lililokatwa likasahaulika mezani. Hiyo harufu ukiikuta ujue hewa imeshapita hapo na salfaiti imeisha.

Haya, kichwa. Shem, wewe unalalamikia nyekundu. Lakini nyeupe kwa kawaida ndo ina salfaiti nyingi zaidi, nyekundu ina taninsi za maganda, ule ukakasi unaousikia ulimini, zinazoisaidia kupambana na hewa. Hata sheria ya Ulaya inaonyesha hivyo, kwa waini kavu, yani isiyo na utamu, nyekundu mwisho ni miligramu 150 kwa lita, nyeupe 200. Kama salfaiti ndo mchawi, nyeupe ingekuua zaidi.

Halafu angalia jikoni. Zile zabibu kavu za rangi ya dhahabu watu wanazotia kwenye pilau na biriani, zinabaki njano kwa sababu zimepitishwa kwenye gesi ya salfa, zile nyeusi za kawaida hazijapitishwa. Aprikoti kavu za rangi ya chungwa ndo balaa, Ulaya wanaruhusu hadi miligramu 2000 kwa kilo. Hata zikiwa na nusu ya hapo, ukila gramu 50, kama punje sita hivi, umemeza miligramu 50. Glasi ya waini ya mililita 150 yenye salfaiti jumla 100 kwa lita inakupa 15. Nani umemsikia anaamka na kichwa kwa sababu ya aprikoti?

Wanaoumizwa na salfaiti kweli wapo, ni sehemu ndogo ya wenye pumu, na kwao si kichwa, ni kifua: kinabana, wanapiga miluzi wakipumua, na inakuja haraka, ndani ya dakika chache. Kama ni wewe, hilo si la kujijaribia nyumbani, nenda kwa daktari, na hizo zabibu za dhahabu nazo ziangalie.

Sasa nyekundu ina nini? Mtuhumiwa wa kwanza ni pombe yenyewe, na maji uliyosahau kunywa. Wengine wanataja histamini, kemikali ileile inayohusika na mzio, ambayo kweli ni nyingi zaidi kwenye nyekundu. Ila mi kilichonivutia ni kazi ya 2023 ya Apramita Devi, Andrew Waterhouse na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, Davis. Iko hivi: ini linageuza pombe kuwa asetaldihaidi, sumu inayokupa uso kuwaka na kichwa kuuma, halafu kimeng'enya kiitwacho ALDH2 kinaisafisha. Maganda ya zabibu yana kitu kinaitwa kwasetini, na mwili ukishakigeuza kinaweza kukizuia kile kimeng'enya kisifanye kazi, basi sumu inarundikana. Hayo waliyaona kwenye vimeng'enya maabara, sio kwenye vichwa vya watu, so bado ni dhana. Lakini kwasetini mzabibu unaitengeneza kujikinga na jua, vishada vilivyo wazi juani vinakuwa nayo nyingi kuliko vilivyofunikwa na majani. Nikiangalia jua la hapa kwetu mwezi wa nane nakuna kichwa.

Shem nilimpa jaribio: wikendi moja nyeupe kavu glasi mbili, umekula, na maji pembeni, wikendi nyingine nyekundu hivyohivyo. Nyeupe ile niliipima mwenyewe, ilikuwa na salfaiti zaidi ya nyekundu. Ya nyeupe akaamka mzima, ya nyekundu kichwa kikarudi. Mtu mmoja si utafiti, najua. Sasa hivi anasema nimemdanganya ili nimuuzie nyeupe.