Tundu la nondo ni lipi, na lipi si lake

Karibu kila nguo yenye tundu inayoletwa kwangu katika soko la Gikomba, Nairobi, huja na hukumu yake tayari: "Fundi, nondo wamenimaliza." Nondo amebebeshwa makosa ya betri, ya mkanda, ya ukuta wenye maji, hata ya jiki. Ila tundu lake lina sura yake, na ukiijua hiyo vizuri, mengine hujitenga yenyewe.

Kwanza, nondo mwenyewe hali nguo. Yule mdudu mdogo wa rangi ya nyasi kavu anayekimbilia gizani ukifungua kabati hana hata mdomo wa kulia. Anayekula ni mtoto wake, kiwavi mweupe mwenye kichwa cha kahawia, na chakula chake ni vitu vilivyotoka kwa mnyama: sufu, manyoya, hariri. Pamba na poliesta hazimshibishi. Atazitafuna zikiwa zimefumwa pamoja na sufu, au zimeshika jasho na mchuzi, basi. Kwa hiyo kabla ya kulitazama tundu, jua kitambaa. Chomoa uzi mmoja kwenye upindo wa ndani, ushike kwa kibano na uuguse moto juu ya sahani. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na jivu lake jeusi hupondeka vidoleni. Pamba huwaka kama karatasi. Poliesta huyeyuka, ikaganda kitonge kigumu.

Chukua sweta la sufu la mtumba lililokaa kabatini tangu baridi ya Julai iliyopita. Likiwa limeliwa, matundu hayana mpango: moja dogo, jingine kubwa, na mengi yako mahali penye giza, chini ya kola, kwenye makunjo, kwapani. Kuzunguka tundu utaona kitu ambacho watu hawakitazami: sehemu iliyonyolewa. Kiwavi hula manyoya laini ya juu kabla hajatoboa, kwa hiyo pana njia nyembamba kama mbuzi amepita kwenye majani. Likung'ute sweta juu ya karatasi nyeupe. Zikianguka chembe ndogo ngumu zenye rangi ileile ya sweta, hicho ni kinyesi chake. Sweta jekundu hutoa chembe nyekundu. Pengine kuna utando pia, au kifuko kidogo kama punje ya mchele.

Sasa shika kitambaa kando ya tundu, sentimita moja hivi kutoka ukingoni, uvute. Kiwavi hukata tu, haachi sumu, kwa hiyo sufu iliyobaki ina nguvu zake zote. Kipimo hiki ndicho ninachokitegemea kuliko macho. Tundu lenyewe ni mahali ambapo ushahidi umeshaondoka; jirani yake ndiye anayejua kilichotokea.

Ndivyo nilivyombishia kijana mmoja wa gereji za barabara ya Kirinyaga. Alikuja na suruali ya kazi ya bluu, matundu tisa madogo kwenye paja la kulia na mawili karibu na goti.

"Si hii ni nondo, fundi?"

"Nondo gani anakula paja moja?"

Nilichoma uzi: uliwaka kama karatasi, lakini ukaacha kitonge. Pamba na poliesta, kwa hiyo nondo hakuwa na shughuli hapo. Nikainua suruali dirishani. Ndani ya matundu matatu kulikuwa na wavu mwembamba wa nyuzi uliobaki, kama chandarua. Pamba ilikuwa imeondoka, poliesta imebaki. Mdudu hachagui hivyo. Ukingo wa kila tundu ulikuwa na duara la wekundu hafifu, mgumu kidogo kwa kidole. Nilipolifinya na kulisugua, pamba ilivunjika kuwa unga.

Nikamuuliza aliyaona lini. Akasema suruali ilikuwa nzima Jumamosi, akaifua Jumapili, ikatoka kamba ya kuanikia ikiwa imetoboka. Hiyo ndiyo tabia ya tindikali ya betri. Tone likiruka huoni kitu. Maji yake hukauka, lakini tindikali haipai hewani. Inabaki kwenye kitambaa ikizidi kuwa kali kadiri maji yanavyopungua, na inaikata pamba polepole. Pasi ya moto huharakisha kazi. Nguo inasimama kwa mazoea tu, mpaka mikono ya kufulia iisugue. Dobi hulaumiwa bure hapa mara nyingi. Kumbe Ijumaa yule kijana alibeba betri ya gari akiiegemeza kwenye paja la kulia.

Kemikali nyingine zina alama tofauti kidogo. Jiki huondoa rangi kwanza, kwa hiyo tundu lake huzungukwa na weupe au rangi ya chungwa kwenye nguo nyeusi. Ajabu ni kwamba sufu huvumilia tindikali nyepesi kuliko pamba, lakini jiki huigeuza njano, ikalainika na kuyeyuka. Kwa hiyo nguo moja iliyokufa haikuambii nyingine ingekufa vipi.

Msuguano hauna siri: unakula taratibu na una anwani. Paja la ndani, kiwiko, ncha ya kola, mahali pa mkoba begani. Kitambaa hupungua unene kidogokidogo mpaka kinatoboka, kwa hiyo kutoka uzima hadi tundu kuna mteremko, na nyuzi za ukingoni zimechanika na kuota manyoya. Kwenye jinzi, bluu huisha kwanza na nyuzi nyeupe za ndani kujitokeza, kwa sababu ni nyuzi za upande mmoja tu zilizotiwa rangi. Wanaonishangaza ni wenye fulana zenye vitundu vidogo tumboni, karibu na kitovu. Wanaapa ni wadudu. Fulana ni pamba; mwambie avae mkanda wake asimame mbele ya sinki anapooshea vyombo, aone bizimu ya mkanda inagonga wapi.

Ukungu, au kawa kama wanavyoiita watu wa pwani, utaujua kwa pua kabla ya jicho. Hupenda pamba iliyokunjwa na unyevu, hasa mvua za Machi hadi Mei na kwenye vyumba vya chini ambako ukuta unatoa maji. Huacha vidoa vyeusi au vya kijivu vilivyotawanyika, na mara nyingi hakuna tundu kabisa: kitambaa kimeoza tu, ukikivuta kinapasuka mstari mrefu kwa sauti ndogo, kama karatasi iliyolowa. Hakigeuki unga kama cha tindikali. Mahali pa kukosea ni pale sababu mbili zinapokutana, ukungu ukilegeza na goti likamalizia. Hapo jaribu kuvuta sehemu yenye madoa isiyosuguliwa.

Jibu hubadilisha kazi. Sweta la nondo hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki na kukaa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili, kisha naziba kwa uzi wa sufu hadi ukingoni kabisa. Suruali ya tindikali haihitaji friza. Niliisuuza kwa maji mengi, nikailoweka kwenye maji yenye magadi ya kuokea, nikaisuuza tena. Kisha nilikata kila tundu kwa upana mpaka nilipofika mahali ambapo pamba ilikataa kuvunjika. Matundu ya ukubwa wa dengu yakawa viraka vya ukubwa wa shilingi ishirini. Alinung'unika, lakini kiraka kilichoshonwa kwenye unga hakimalizi wiki.

Baada ya siku chache alirudi na suruali nyingine, tundu moja mfukoni. "Betri tena, fundi?" Nilitia mkono mfukoni, nikatoa funguo zake.