Dakika 15 za kipimo cha haraka cha malaria

“Dakika ya 5 mstari wa C umeshatokea na wa T haupo. Kwa nini nisiandike hasi mgonjwa aende zake? Na nikichelewa kusoma, kuna ubaya gani?”

Mstari wa C hausemi lolote kuhusu vimelea. Unaonyesha tu kwamba bafa, yaani majimaji ya kipimo, imepanda kwenye karatasi hadi juu na kwamba rangi inafanya kazi. Hata ukisahau kuweka damu, C inaweza kutokea.

Habari ya malaria iko kwenye T. Hapo karatasi imepakwa kingamwili, ambazo katika vipimo vingi hunasa HRP2, protini inayotolewa na vimelea vya falsiparamu. Protini hiyo hufika ikiwa imebebwa na chembe ndogo za rangi, na chembe hizo hujikusanya hadi mstari uonekane. Vimelea wakiwa wengi, mstari hutoka upesi. Wakiwa wachache hutoka polepole, tena dakika ya 5 karatasi bado ina wekundu wa damu unaouficha. Ukiandika hasi wakati huo, unaweza kumrudisha nyumbani mtu mwenye malaria.

Kuchelewa nako kuna kosa lake. Karatasi ikikauka, majimaji yenye rangi yanaweza kurudi nyuma na kuacha kivuli kwenye T. Kwa macho hutakitofautisha na mstari hafifu wa kweli, na mstari hafifu wa kweli ni chanya, hata uwe mwembamba vipi.

Sasa tuseme foleni ni ndefu. Mtoto wa kwanza umemtoboa kidole, ukaweka damu mikrolita 5 kwenye kishimo chake, ukadondosha bafa kwenye kishimo cha pili. Hapo hapo andika juu ya kaseti, kile kiboksi cha plastiki chenye karatasi ya kipimo: jina, na 3:12. Saa ihesabiwe tangu bafa ilipoingia, si tangu kidole kilipotobolewa. Saa 3:27 unasoma, T hafifu ipo, unaandika chanya. Kaseti ya pili ina jina lakini haina saa. Unaikuta saa 4:05, nayo ina T hafifu. Hiyo usiisome kabisa, hata kama homa ya mgonjwa inakushawishi. Fungua kaseti mpya, urudie. Fanya vivyo hivyo C isipotokea, hata kama T imetokea.

Mimi naona saa iliyoandikwa kwa kalamu ndiyo msaada mkubwa kuliko bango lolote ukutani, maana kumbukumbu ya mtu mwenye kaseti sita mezani haiaminiki. Ila hakikisha umesoma karatasi ya maelekezo ndani ya boksi: vipimo vingi husomwa dakika ya 15, vingine ya 20, na idadi ya matone ya bafa hutofautiana. Boksi likibadilika, soma upya, na bafa ya boksi moja usiitumie kwa kaseti za jingine.

Kuna jambo moja ambalo saa haitatui. HRP2 hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo aliyemaliza dawa siku 10 zilizopita anaweza kuonyesha T sahihi kabisa bila kuwa na malaria mpya. Muulize kuhusu dawa kabla ya kumtoboa. Akiwa ametumia karibuni, hadubini ndiyo itakayoonyesha kama vimelea bado wapo.