Volti, ampea na omu: kwa nini friji ya sola huzimika wakati betri bado ina chaji

Anayejiandaa kuanza kozi ya sola atakutana na volteji, mkondo na ukinzani siku ya kwanza darasani. Kuyakariri maneno hayo si kazi kubwa. Kinachowasumbua wengi ni kuona namna hayo matatu yanavyovutana ndani ya waya mmoja, na hapo ndipo bomba la maji linaposaidia.

Chukua simtanki lililowekwa juu ya mnara, na bomba linaloshuka hadi kwenye koki ya uani. Maji yaliyo juu yanasukuma yaliyo chini, na kadiri mnara ulivyo mrefu ndivyo msukumo pale kwenye koki unavyokuwa mkubwa. Msukumo huo ndio volteji, na hupimwa kwa volti. Ukifungua koki, maji yanapita, na lita zinazopita kwa dakika ndizo mkondo, ambao hupimwa kwa ampea. Bomba lenyewe nalo linayabana maji: likiwa jembamba au refu, yanapita kwa shida. Kubana huko ndiko ukinzani, na hupimwa kwa omu.

Kuna jambo moja la koki ambalo ni vyema kulishika mapema. Koki ikiwa imefungwa, msukumo upo wote hata kama bomba ni jembamba kama mrija, kwa sababu hakuna maji yanayotembea. Bomba jembamba hujionyesha pale tu koki inapofunguliwa: maji yakianza kupita, sehemu ya msukumo huliwa njiani, na kinachofika mwisho ni pungufu. Kwenye waya ni vivyo hivyo, na kiasi kinachopotea kinahesabika kwa kanuni moja:

V = I × R

Yaani volti zinazopotea ni ampea zinazopita mara omu za waya.

Sasa tuiweke kanuni hiyo kwenye nyumba yenye mfumo wa volti 12. Friji ya DC ya wati 60 imewekwa jikoni, mita 10 kutoka kwenye betri. Wati 60 ukigawa kwa volti 12 unapata ampea 5. Fundi amevuta waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule ule anaoutumia kwenye taa za umeme wa kawaida. Waya huo una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa kila mita.

Hapa mfano wa maji unaweza kukupoteza. Maji yakishatoka kwenye koki yamemaliza safari, lakini umeme lazima urudi ulikotoka, ndiyo maana kuna waya wa chanya na wa hasi. Umbali wa mita 10 kwa hiyo ni mita 20 za waya, na ukinzani ni 20 × 0.012, yaani omu 0.24. Zidisha kwa ampea 5: volti 1.2 zinaishia njiani. Kusahau waya wa kurudi ndilo kosa linalojirudia zaidi kwenye mahesabu ya wanaoanza.

Volti 1.2 zinaonekana chache, lakini ni asilimia 10 ya volti 12. Kompresa za friji hizi huwa na ulinzi wa betri. Kwenye aina inayotumika sana, mpangilio wa kiwandani huizima volti zikifika 10.4, na haiwaki tena mpaka zipande hadi 11.7. Usiku, betri ikiwa inatoa umeme kwa volti 11.6, friji inapata 10.4 na kuzimika. Ikishazimika, mkondo unakoma, na mkondo ukikoma hakuna kinachopotea kwenye waya. Koki imefungwa. Volti kwenye friji zinarudi kulingana na za betri, ambayo nayo imepumzika na kupanda kidogo, labda hadi 12. Friji inajiwasha, mkondo unapita, volti zinaporomoka, inazimika. Mwenye nyumba anasikia kompresa ikiwaka na kuzima usiku kucha, na asubuhi anaambiwa anunue betri mpya.

Dawa ya hapo ni bomba pana. Waya wa milimita za mraba 6 una ukinzani wa takriban omu 0.003 kwa mita, hivyo mita 20 ni omu 0.06, na kwa ampea 5 unapoteza volti 0.3 tu. Betri ikiwa na 11.6, friji inapata 11.3 na inaendelea na kazi. Njia nyingine ni kujenga mfumo wa volti 24 tangu mwanzo, kama friji inakubali. Wati 60 zile zile zinahitaji ampea 2.5 tu, kwa hiyo hata waya wa 1.5 unapoteza volti 0.6, ambayo ni asilimia 2.5. Kwenye mfumo mdogo wenye taa za LED peke yake, waya mwembamba hauna neno, kwa kuwa mkondo wake ni mdogo. Unene wa waya huamuliwa na ampea pamoja na urefu.

Kwa sababu hiyo, kupima volti kwenye friji iliyozimwa hakukuambii lolote kuhusu waya. Washa friji, subiri kompresa izunguke, kisha pima kwenye vituo vya betri, halafu nenda ukapime pale waya unapoingia kwenye friji. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyoliwa njiani. Ikizidi sana uliyopata kwenye hesabu, shuku kiungo: skrubu iliyolegea, au shaba iliyoota kutu ya kijani. Weka ncha moja ya multimita upande huu wa kiungo na nyingine upande wa pili, friji ikiwa inafanya kazi. Kiungo kizuri kinasoma karibu sifuri. Kikisoma volti 0.5 kwa ampea 5, hapo kuna omu 0.1 iliyojificha, na wati 2.5 zinageuka joto kwenye nukta moja. Plastiki ikianza kuwa nyeusi karibu na skrubu, ndilo joto hilo.

Paneli nayo huwadanganya wengi kwa namna hiyo hiyo. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12, isipounganishwa na kitu, husoma karibu volti 22 kwenye jua kali. Likija wingu zito, bado itasoma 19 au 20, na mtu atadhani inachaji vizuri. Huo ni msukumo wa koki iliyofungwa. Kinachofuata mwanga ni mkondo: paneli hiyo hiyo inayotoa karibu ampea 6 juani huweza kushuka chini ya ampea moja wingu likitanda. Ili kujua inazalisha nini, soma ampea za kuchaji kwenye kontrola, kile kifaa cha kati ya paneli na betri kinachosimamia kuchaji, au itenganishe paneli na kontrola kisha uipime kwa multimita iliyo kwenye tundu la ampea 10, ncha moja kwenye chanya na nyingine kwenye hasi. Paneli moja ya ukubwa huo inavumilia kipimo hicho, kwa kuwa haiwezi kutoa zaidi ya ampea zake 6.

Betri usiipime hivyo kabisa. Ukinzani wa ndani ya betri ni mdogo mno, na multimita kwenye upande wa ampea haina ukinzani wa maana, kwa hiyo hakuna cha kuuzuia mkondo. Mamia ya ampea hupita mara moja: fyuzi ya multimita ikiwa nzima itakatika, na kama kuna mtu aliyeiziba kwa kipande cha waya, nyaya za kupimia zitaungua mkononi.