Dawa Ileile, Jina Jingine: Maswali Kuhusu Kupata Dawa ya Presha kwa Bei Nafuu

Daktari kaniandikia Exforge 5/160, nilipotajiwa bei nikashindwa kununua. Nitajuaje kama kuna nyingine ya bei rahisi yenye dawa hiyohiyo ndani?

Exforge ni jina la biashara. Dawa inayoshusha presha imeandikwa chini ya jina hilo kwa herufi ndogo, na ndiyo inayoitwa kiambato hai. Kwenye boksi hili utakuta viambato hai viwili: amlodipine na valsartan. Namba za 5/160 zinafuata mpangilio huohuo, yaani amlodipine miligramu 5 na valsartan miligramu 160 ndani ya kidonge kimoja.

Nakili kwenye karatasi majina hayo mawili pamoja na namba zake, kisha ongeza unavyoimeza: kidonge kimoja, mara moja kwa siku. Karatasi hiyo ndiyo ya kwenda nayo famasi. Ukiulizia "Exforge" tu, utatajiwa bei ya Exforge. Ulizia "amlodipine 5 na valsartan 160, ya kampuni yoyote iliyosajiliwa", na muuzaji atakagua rafu nzima.

Usishangae ukikuta boksi la kampuni nyingine limeandikwa 160/5. Huenda wameanza kutaja valsartan, na dawa ni ileile. Pia usitishwe na neno besilate baada ya amlodipine. Hiyo ni chumvi inayobeba dawa. Kidonge chenye takriban miligramu 6.9 za amlodipine besilate kina miligramu 5 za amlodipine yenyewe, na hiyo 5 ndiyo ya kulinganisha.

Muuzaji wa duka la karibu kanipa losartan, anasema zote ni za presha na ni nafuu zaidi. Nichukue?

Usichukue kwa kauli hiyo. Herufi za mwisho, "-sartan", zinaonyesha ukoo wa dawa. Losartan na valsartan ni ndugu, lakini ni dawa mbili tofauti na dozi zake hazilingani miligramu kwa miligramu. Tena ukipewa losartan peke yake, umeachwa bila amlodipine, yaani nusu ya matibabu imebaki dukani. Daktari anaweza kukuhamishia losartan, na mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu ya bei, ila huo ni uamuzi wake wa kupanga dozi upya, si wa kaunta.

Mtego wa namna hiyohiyo uko kwenye "-dipine". Nifedipine si amlodipine. Amlodipine hukaa mwilini muda mrefu, ndiyo maana inamezwa mara moja kwa siku. Nifedipine huondoka haraka, hivyo vidonge vyake hutengenezwa vitoe dawa polepole, na aina ya miligramu 20 kwa kawaida humezwa mara mbili.

Angalia pia herufi zinazofuata jina. Exforge HCT ina dawa ya tatu, hydrochlorothiazide, ya kupunguza maji mwilini. Co-Diovan nayo ina valsartan na hydrochlorothiazide, bila amlodipine. Hizo si mbadala wa ulichoandikiwa, hata kama neno valsartan linaonekana kwenye boksi.

Bei nazilinganishaje? Kila boksi lina idadi yake.

Gawanya bei kwa idadi ya vidonge, upate bei ya siku moja. Tuchukue bei za kufanyia hesabu tu: boksi la vidonge 28 kwa shilingi 42,000 ni shilingi 1,500 kwa siku. La kampuni nyingine, vidonge 30 kwa shilingi 18,000, ni 600 kwa siku.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaiulizii: kununua dawa hizo mbili kila moja peke yake. Amlodipine ya miligramu 5 hutengenezwa na kampuni nyingi na kwa kawaida ni rahisi sana. Tuseme kidonge chake ni shilingi 100 na valsartan 160 ni 400. Jumla ni 500 kwa siku. Unameza vidonge viwili badala ya kimoja, na dozi ni ileile. Ila hapa mwambie daktari, maana cheti kinabadilika na kosa la kawaida ni mgonjwa kumaliza valsartan akaendelea na amlodipine peke yake, akidhani bado yuko kwenye dawa.

Kwa nini iwe nafuu hivyo? Si feki?

Kampuni iliyogundua dawa hulipia utafiti wa miaka mingi na hulindwa na hataza, yaani haki ya kuitengeneza peke yake kwa muda fulani. Hataza ikiisha, kampuni nyingine huruhusiwa kuitengeneza bila kurudia gharama ile. Zinachotakiwa kuonyesha ni kwamba dawa yao inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi inayolingana na ile ya kwanza. Rangi, umbo na unga unaoshikilia kidonge vinaweza kutofautiana. Kama una mzio wa rangi fulani au wa laktosi, mwambie mfamasia.

Bei ndogo peke yake si dalili ya ufeki. Dalili ni boksi lisilo na namba ya toleo au tarehe ya mwisho wa matumizi, tarehe ya boksi isiyolingana na ya pakiti ya ndani, au maandishi yenye makosa. Usajili unathibitishwa na TMDA kwa Tanzania, na Bodi ya Dawa na Sumu kwa Kenya.

Nikifika kwa mfamasia nimuulize nini hasa?

Kwanza hakikisha ni mfamasia. Kwa Tanzania, duka la dawa muhimu si famasi, na anayehudumia pale si lazima awe mfamasia. Nenda famasi, omba kuzungumza na mfamasia mwenyewe, ukiwa na cheti, boksi la zamani kama lipo, na dawa zote nyingine unazotumia.

Mwombe aweke maboksi mawili pamoja na akusomee mambo manne: viambato hai, miligramu za kila kimoja, aina ya kidonge, na mara ngapi kwa siku. Yote manne yakilingana, uliza kama imesajiliwa. Kisha mwombe aandike kwa kalamu juu ya boksi jipya: "Badala ya Exforge".

Maandishi hayo yana kazi kubwa. Mgonjwa akibakiwa na vidonge vya zamani, akaletewa vipya vyenye jina geni na rangi nyingine, humeza vyote viwili. Hiyo ni dozi mara mbili: kizunguzungu anaposimama, miguu kuvimba, hata kuanguka. Maliza vya zamani kwanza, au viweke kando kabisa.

Baada ya kubadili, pima presha kwa wiki mbili, saa zilezile, ukiwa umekaa kimya dakika 5, na uandike. Ikipanda kuliko ilivyokuwa, rudi na maandishi hayo kwa daktari. Usiongeze kidonge mwenyewe.

Mama yangu anatumia warfarin na mdogo wangu phenytoin ya kifafa. Nazo nizitafutie za bei nafuu hivihivi?

Hizo usizibadilishe famasi, hata kama jina na miligramu vinafanana. Ni dawa ambazo tofauti ndogo tu ya kiasi kwenye damu inaleta madhara: warfarin ikizidi, mtu anatoka damu, ikipungua, damu inaganda. Phenytoin ikishuka, degedege linarudi. Carbamazepine, digoxin na levothyroxine ni za kundi hilo. Kama bei imewashinda, mwambieni daktari kabla dawa haijaisha, ili akiibadilisha apange na siku ya kupima damu.